Mega Nne

Mimi ni mtu wa kujisifu, na sitajifanya mpole kwa sababu tu hadithi hii inaniumbua. Ukipanda ngazi za jengo lenye duka la mbegu hapa Thika, utaona bango langu: ZACHARIA VIDEO, TUNAPUNGUZA UZITO. Wengine hupanda wakidhani ni mambo ya kupunguza tumbo. Ninachopunguza ni video. Ukiniletea video nzito ya harusi, ya mazishi au ya mahubiri ya pasta wako, mimi nitaikamua mpaka shangazi yako kijijini aweze kuitazama kwa bando la shilingi ishirini na libaki la kusalimia watu.

Kazi yenyewe si uchawi. Video ni picha nyingi zinazopita haraka, thelathini kwa kila sekunde. Unaweza kuzifanya picha hizo ziwe ndogo. Unaweza kuzipunguza idadi, zikawa kumi badala ya thelathini. Unaweza pia kuipa kompyuta kiasi kidogo cha data kwa kila sekunde na kuiambia ijipange nacho. Kitu kisichosogea, kama ukuta, hakina gharama. Kinachosogea sana ndicho kinachokula mega. Nimefanya hivyo miaka saba, na nilikuwa na msemo wangu kwa wateja: kwangu hakuna kinachopotea ila uzito.

Msemo huo niliwaambia hata watu wa kiwanda cha sweta kule Ruiru. Ni kiwanda cha familia; Mzee Gurjeet ndiye mwenyewe, na binti yake Jasleen ndiye anayekiendesha. Wanafuma sweta za shule. Mwaka huu walileta mashine nne mpya za kufuma, zile zinazoongozwa na kompyuta, na zile za zamani za mkono zikawa zinaondolewa moja baada ya nyingine. Madam Jasleen alitangaza kwamba wafanyakazi wa mkataba wangejifunza mashine mpya, kisha Ijumaa fulani wangefanya mtihani. Wanne wa kwanza wangeandikwa kazi ya kudumu. Waliobaki, mkataba wao ungekwisha mwisho wa mwezi na wangekwenda nyumbani.

Muda wa kufundishana kiwandani haukuwepo, maana oda za Januari zilikuwa zimewakaba. Kwa hiyo Jasleen alimrekodi fundi akieleza kila kitu, masomo sita ya dakika kumi na mbili kila moja, akayaweka kwenye grupu ya WhatsApp ili watu wajisomee nyumbani. Siku ya pili grupu ilijaa malalamiko. Somo moja lilikuwa karibu mega mia saba. Mtu wa Witeithie alisema somo la kwanza lilimaliza bando lake la siku kabla fundi hajawasha mashine. Ndipo nikaitwa.

Nikapewa masomo yote sita kwenye flash. Fundi anaonekana amesimama kando ya mashine, anaongea vizuri, sauti safi. Na pale chini, kwenye kona ya kulia, kuna kisanduku kidogo chenye mwanamume aliyevaa shati jeusi anayepunga mikono. Baadaye nilikuja kujua anaitwa Absalom na ni mkalimani wa lugha ya ishara kwenye kanisa moja hapo Ruiru. Siku ile nilimwona kama wale wanaowekwa kwenye kona ya taarifa ya habari. Sikuwahi kujiuliza wale wanamtafsiria nani. Kwangu walikuwa pambo la runinga, kama saa.

Tena alinikera. Fundi alikuwa ametulia, mashine imetulia, ukuta umetulia, na huyu wa kona mikono haikai sekunde moja. Nilishasema, kinachosogea ndicho kinachokula mega. Nilijaribu mara ya kwanza nikapata mega ishirini na tano, nikamlaumu yeye. Nikashusha picha mpaka kimo cha nukta mia moja na arobaini na nne, ile ndogo kabisa. Nikapunguza picha za kila sekunde zikawa kumi. Sauti sikuigusa sana, kwa sababu nilijiambia hili ni somo, na somo ni maneno. Somo likashuka mpaka mega kumi na mbili. Sita za sauti, sita za picha. Nikapiga makofi peke yangu ofisini.

Jasleen aliniweka kwenye grupu ili niyatume mwenyewe. Watu arobaini na kitu walinishukuru. Mmoja aliniita injinia. Nilifurahi, sitaficha, na nilikuwa bado nasoma sifa zangu pale ujumbe mmoja ulipoingia kutoka kwa mtu aliyejiandika Mumbi W.

"Mikono haionekani. Naona ukungu tu."

Nilikasirika. Kutoka mega mia saba hadi kumi na mbili, halafu mtu analeta ukungu. Nilidhani anataka kuona mikono ya fundi kwenye vitufe, na fundi alikuwa anataja kila kitufe kwa mdomo. Nikaandika haraka, mbele ya watu wote:

"Madam, si lazima uone kila kitu. Sikiliza maneno. Weka earphone."

Vikaragosi vya kucheka vikamiminika. Nilivihesabu, vilikuwa kumi na tisa. Mtu akaandika, "Aki Zacha umemaliza." Mumbi hakujibu tena, nami nikajua nimemnyamazisha. Siku nzima nilitembea nikiwa nimejaa majivuno.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Mtihani ulikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Jumatano katikati yake alikuja ofisini kwangu Njau, karani wa stoo pale kiwandani. Alikuwa amekuja Thika kuchukua katoni za uzi na alitaka nimhamishie picha kutoka simu ya zamani kwenda mpya. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akanyoosha miguu, akaanza kucheka peke yake.

"Lakini Zacha, ile ya earphone," akasema. "Wewe ni mbaya. Kumwambia Mumbi aweke earphone."

Nikatabasamu, nikangoja sifa.

"Si unajua Mumbi hasikii," Njau akaendelea. "Ni kiziwi tangu akiwa mtoi. Hata ngurumo haisikii. Watu walicheka wakaanguka."

Njau alidhani nilijua. Wote walidhani nilijua. Wale kumi na tisa hawakucheka kwa sababu nina maneno makali. Walicheka kwa sababu walidhani nimethubutu kumdhihaki kiziwi hadharani, na wao walikuwa wakitafuta mtu wa kuanzisha. Nikamhamishia picha zake. Nilikosea mara mbili. Alipotaka kulipa nikamwambia aende tu.

Alipoondoka nilifungua somo la kwanza, lile langu la mega kumi na mbili, nikalitazama kwenye simu, si kwenye kompyuta. Nikazima sauti. Hicho ndicho kitu ambacho sikuwa nimekifanya hata mara moja. Fundi akafungua na kufunga mdomo. Kwenye kona, Absalom alikuwa doa jeusi lenye madoa mawili ya kahawia mbele yake. Vidole havikuwepo. Mkono ulikuwa hapa, kisha ukaonekana kule, na katikati hapakuwa na njia, kwa sababu njia hiyo ilikuwa kwenye zile picha ishirini za kila sekunde nilizozitupa. Nilitazama dakika zote kumi na mbili. Sikuelewa chochote, na mimi ndiye niliyelitengeneza.

Nikafunga mlango, nikageuza kibao kisomeke TUMEFUNGA, ingawa ilikuwa saa nane mchana.

Dawa niliijua papo hapo. Nilichukua video asilia, nikakata kile kisanduku cha Absalom, nikamkuza akajaza nusu ya kioo. Nusu ya pili nikaweka picha tuli za mashine, moja kwa kila hatua, kwa sababu picha tuli haili mega. Nikarudisha picha ishirini na tano kwa sekunde ili mikono ipite inavyopita. Halafu sauti nikaiondoa yote. Mumbi alikuwa akiilipia sauti nusu ya bando lake, na hakuwa na kazi nayo. Somo la kwanza likatoka mega kumi na sita. Nikalitazama kwenye simu. Kila kidole kilionekana.

Mega nne. Tofauti kati ya somo analoweza kusoma na ukungu ilikuwa mega nne, na kazi yenyewe, mara nilipopata mpangilio, ilikuwa dakika ishirini kwa kila somo. Kufikia saa kumi na moja jioni yote sita yalikuwa tayari. Namba ya Mumbi nilikuwa nayo kwenye grupu. Ilibaki kubonyeza tu.

Sikubonyeza.

Nimejaribu kujieleza kwa nini, na kila maelezo yananuka. Nilijiambia nikituma kwenye grupu, wote watajua sikuwa hata najua alikuwa kiziwi. Nikimtumia yeye peke yake, atamwonyesha Jasleen, na Jasleen ameniahidi kazi ya kiwanda cha binamu yake Anish hapa Thika, masomo thelathini. Nitamwambiaje kwamba kwangu kuna kinachopotea? Nilijiambia Mumbi ameshafanya kazi na mashine miaka mitano, atajua kwa kutazama. Nilijiambia labda Absalom amemfundisha ana kwa ana. Sikuuliza. Alhamisi nilifungua simu mara nyingi nikalitazama jina lake, nikaifunga. Ijumaa asubuhi nilipata harusi ya kukamua, nikashukuru kuwa na shughuli. Nilipanga kumtumia baada ya mtihani, polepole, kama mtu anayeongeza huduma.

Jumamosi matokeo yakabandikwa kwenye grupu. Majina manne. La nne lilikuwa la Ronny, kijana aliyeanza kazi pale mwezi wa tatu. Mumbi alikuwa wa mwisho kabisa kwenye orodha. Chini yake Jasleen alikuwa ameandika kwamba amesikitika kuona kuna watu waliowekewa mpaka mkalimani na bado hawakujisumbua kusoma. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja.

Maneno hayo niliyasoma nikiwa nakula, nikakisukuma chakula. Aibu ya kuchekwa nilikuwa naijua, imenipata mara nyingi kwa mdomo wangu huu. Hii ilikuwa nyingine. Mtu alikuwa anaitwa mvivu mbele ya watu arobaini kwa kosa langu, na kitu cha kumtetea kilikuwa kimelala kwenye kompyuta yangu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Ruiru kabla ya geti kufunguliwa. Madam Jasleen alinipokea ofisini kwake, akaagiza chai, akaanza kuniuliza nimejipanga vipi na kazi ya Anish. Nikamkatiza. Nikaweka simu mbili mezani, moja na somo la kwanza la zamani, nyingine na lile jipya, nikamwomba azime sauti na amtazame Absalom tu.

Hakuhitaji dakika kumi na mbili. Alitazama simu moja, akatazama ya pili, akairudia ya kwanza. Akavua miwani.

"Mimi ndiye nilimwita Absalom," akasema taratibu. "Nilimlipa siku mbili. Halafu nikaona watu wamefurahia MB, nikafurahi pia. Sikufungua. Kwa simu yangu niko na ile original." Akazisukuma simu kando. "Na nimeandika vile nimeandika Jumamosi."

Nikamwambia kosa ni langu. Akaniuliza nimeligundua lini. Nikasema jana. Nilisema hivyo bila kupanga, kama mtu anavyokinga uso. Jana, nikasema, nilikuwa napitia kazi zangu za zamani. Akaitikia kwa kichwa, akaniamini, akasema afadhali umekuja. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, nami sikujua yangu ilikuwa imebakisha hatua ngapi.

Akanieleza hali ilivyo. Ronny ameshatia sahihi, na si haki kumng'oa kijana aliyefaulu kihalali. Mashine ya tano wameiagiza lakini hajui itafika lini. Atamwomba baba yake, Mzee Gurjeet, amruhusu Mumbi abaki kwenye kitengo cha kushona lebo. Labda mwezi mmoja, labda miwili, zaidi ya hapo hawezi kuahidi. Kisha akasema tuende kwa Mumbi, kwa sababu kama kuna mtu wa kuombwa msamaha si yeye.

Mumbi alikuwa amekaa kwenye meza ndefu karibu na dirisha, mwanamke wa miaka thelathini hivi, kitambaa cha kijani kichwani, akishona lebo za shule shingoni mwa sweta. Alituona tunakuja, akaweka sweta chini. Jasleen alimwandikia kwenye simu kwamba mimi ndiye Zacharia wa video. Macho yake yakanijia, yakatulia. Nilijua anaukumbuka ule ujumbe wa earphone. Nilitamani sakafu inimeze.

Niliandika kwenye simu yangu: "Nisamehe. Video niliiharibu mimi. Sikujua husikii. Sikuuliza." Akasoma, hakuonyesha chochote. Nikampa ile simu yenye somo jipya.

Alianza kutazama akiwa amesimama, kisha akakaa. Tulisimama pembeni yake kama watu waliokuja kuomba kazi. Mwanzoni uso wake ulikuwa mgumu. Dakika ya pili au ya tatu niliona vidole vyake vya mkono wa kulia vinaanza kusogea kidogo juu ya meza, vinamfuata Absalom, kama mtu anayesoma kwa kunong'ona. Akatikisa kichwa kuitikia. Mahali fulani aliirudisha nyuma, akatazama tena, akaitikia tena. Alilitazama somo lote mpaka mwisho, na hakuna aliyemharakisha.

Akachukua simu yake mwenyewe, akaandika, akatugeuzia sote wawili.

"Ni rahisi. Hii ningejua."

Kisha akatuonyesha kitu kingine. Akafungua orodha ya faili zake. Somo langu la kwanza lilikuwa mle mara tano, na la pili mara nne. Alidhani limeshuka vibaya kwa sababu ya mtandao, akawa analishusha tena na tena kwa bando lake, akingoja mara moja lije na mikono. Akaandika kwamba alimpelekea fundi wa simu pale stendi, fundi akamwambia kioo chake kimezeeka.

Jasleen aligeuza uso akatazama dirishani. Mimi sikuweza kugeuza uso popote. Kazi yangu yote ni kuwaokolea watu bando.

Mumbi akaandika tena. Safari hii hakutugeuzia wote. Aliniletea mimi simu mkononi.

"Ulijua lini?"

Angekuwa ameuliza kwa hasira, huenda ningeweza kumdanganya. Aliuliza tu, anataka kujua. Nikaanza kuandika "jana", kwa sababu hilo ndilo nililomwambia madam na madam alikuwa amesimama pale pale. Niliandika herufi mbili. Alikuwa anatazama kidole changu kwenye kioo, herufi kwa herufi, kama alivyokuwa akimtazama Absalom. Nikazifuta.

Nikaandika: "Jumatano. Kabla ya mtihani. Nilizitengeneza siku hiyo hiyo. Niliona haya kukutumia."

Alisoma. Nilimwona akizihesabu siku, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Hakulia na hakunitukana, ingawa mikono yake ilinyanyuka kidogo, ikaanza kusema kitu, kisha akakumbuka kwamba mimi sielewi, akaishusha. Akaniondolea simu mkononi, akaivuta sweta, akaendelea kushona.

"Ameuliza nini?" Jasleen akasema nyuma yangu. "Umemjibu nini?"

Ilibidi nimwambie, kwa mdomo wangu, kwa sauti, mbele ya kitengo kizima cha lebo. Wote walisikia ila Mumbi, na yeye ndiye pekee aliyekuwa amekwisha kujua.